Unaongoza kwa 5, zimebaki dakika 4: namna ya kupiga hesabu ya uwezekano wa kushinda kikapu ukiwa pembeni ya kiwanja

Tuseme Mjini wanacheza na Chake. Ni robo ya nne, zimebaki dakika 4, Mjini wanaongoza kwa pointi 5 na mpira uko mikononi mwao. Timu hizi mbili ni za mfano tu, lakini hali yenyewe kila anayekaa viwanjani Unguja au Pemba ameiona: benchi moja limeshaanza kusherehekea, la pili limeinamisha vichwa. Kwa hesabu nitakayoeleza hapa, Mjini wana uwezekano wa asilimia 91. Nusu dakika baadaye uwezekano huo unaweza kushuka hadi 67, na bado Mjini wanaongoza.

Hesabu hii haihitaji mtambo wowote. Inahitaji karatasi za matokeo za mechi zilizopita, kikokotoo cha simu, na kadi moja ya kuandika kwa mkono. Mambo yanayoingia ni matatu: tofauti ya pointi, muda uliobaki, na nani ana mpira. Nimewaandikia makocha, watangazaji na vijana wanaokaa meza ya kuandika matokeo. Anayeitafuta kwa ajili ya kamari ajue kwamba kampuni za kubashiri zina hesabu nzuri kuliko hii, na zimeshakata fungu lao kabla hujaweka shilingi.

Hatua ya kwanza: pima jinsi matokeo yanavyoyumba katika ligi yako

Mwaka 1994 mtakwimu Hal Stern alichapisha makala yenye wazo rahisi. Alichukua mechi za NBA za msimu wa 1991–92, akaonyesha kwamba tofauti ya pointi kati ya timu mbili huyumba huku na huku kwa bahati, na kwamba kuyumba huko kunaweza kupimwa kwa namba moja. Ukiijua namba hiyo, na ukajua muda uliobaki, unaweza kusema ni mara ngapi timu iliyo nyuma itawahi kurudi.

Namba ya NBA usiichukue. Wao wanacheza dakika 48, kasi yao ni kubwa, na wanafunga zaidi. Sisi tunacheza kwa kanuni za FIBA, robo nne za dakika 10, kwa hiyo namba yetu itoke kwenye karatasi zetu.

Fanya hivi. Kwa kila robo ya kila mechi, andika tofauti ya pointi zilizofungwa ndani ya robo hiyo peke yake, si jumla ya mechi. Tuseme mechi mbili zimekupa robo nane zenye tofauti hizi: 4, 7, 3, 6, 9, 2, 5 na 10. Haijalishi nani alikuwa mbele. Zidisha kila namba kwa yenyewe, utapata 16, 49, 9, 36, 81, 4, 25 na 100. Jumla ni 320. Gawa kwa robo 8, unapata 40. Gawa tena kwa dakika 10 za robo, unapata 4. Kipeuo cha pili cha 4 ni 2.

Hiyo 2 ndiyo tunayoitafuta. Tuite mtikisiko wa dakika. Maana yake ni kwamba katika dakika moja ya mchezo, tofauti kati ya timu zinazolingana husogea kwa kiasi cha pointi 2 kwenda upande wowote.

Robo nane ni chache mno, nimezitumia ili hesabu ionekane. Kusanya walau robo 60, yaani mechi 15. Na uchague kwa uangalifu. Mechi za bonanza ambazo saa haisimami mwamuzi akipiga filimbi usizichanganye na mechi za ligi, kwa sababu dakika 10 za saa inayokimbia zina mchezo mdogo sana ndani yake. Vivyo hivyo mechi za skuli na za wakubwa, za wanaume na za wanawake: kila kundi na namba yake. Mechi ambayo timu moja imeikung'uta nyingine kwa pointi 40 iache nje, maana hiyo inapima tofauti ya uwezo, si kuyumba.

Hatua ya pili: mpira mkononi una thamani gani

Kuwa na mpira ni kuwa na zamu ya kushambulia, na zamu ina thamani yake kwa pointi. Kuipata, chukua karatasi yenye takwimu kamili ya timu moja na uhesabu zamu zake: mitupo yote ya uwanjani, toa ribaundi za kushambulia, ongeza mipira iliyopotezwa, kisha ongeza mitupo huru ukiizidisha kwa 0.44. Hiyo 0.44 ipo kwa sababu mitupo huru mingi huja miwili miwili kwa zamu moja, na mingine ni ya nyongeza baada ya kikapu, ambayo haifungui zamu mpya.

Kwa mfano, timu imetupa mara 64, imepata ribaundi za kushambulia 10, imepoteza mpira mara 15, na imepiga mitupo huru 16. Zamu zake ni 64 − 10 + 15 + 7, yaani 76. Ikiwa imefunga pointi 61, kila zamu imeleta pointi 0.8.

Je, mwenye mpira tumuongezee 0.8? Hapana, na hapa wengi huteleza. Timu hupokezana zamu. Ukiwa na mpira sasa na zikabaki zamu nyingi, mara nyingine mtamaliza sawa kwa idadi ya zamu, mara nyingine wewe utakuwa na moja zaidi. Kwa wastani umezidi nusu zamu. Kwa hiyo mwenye mpira anaongezewa nusu ya 0.8, ambayo ni 0.4, na asiye na mpira anapunguziwa 0.4. Ukiupoteza mpira, unahama kutoka +0.4 hadi −0.4, na hapo ndipo unapolipa ile 0.8 yote.

Kuna jambo dogo la kukumbuka. Mpira ukishikwa na wachezaji wa timu zote mbili kwa pamoja, FIBA hairudishi mpira wa kuruka katikati, inatumia mshale wa kupokezana ulioko mezani. Anayeandika hesabu hii autazame mshale kabla ya kuandika nani ana mpira.

Hatua ya tatu: tengeneza kadi

Kanuni yote ni hii: chukua uongozi, ongeza au punguza 0.4 ya mpira, kisha gawa kwa mtikisiko uliozidishwa na kipeuo cha pili cha dakika zilizobaki. Kwa mtikisiko wa 2, kigawanyo cha kila muda kiko hapa:

| Dakika zilizobaki | Gawa kwa |
|---|---|
| 10 | 6.3 |
| 8 | 5.7 |
| 6 | 4.9 |
| 4 | 4.0 |
| 3 | 3.5 |
| 2 | 2.8 |
| 1 | 2.0 |

Jibu unalopata lisome hapa:

| Jibu | Uwezekano wa kushinda |
|---|---|
| 0 | 50% |
| 0.25 | 60% |
| 0.5 | 69% |
| 0.75 | 77% |
| 1 | 84% |
| 1.25 | 89% |
| 1.5 | 93% |
| 2 | 98% |

Jibu likiwa hasi, soma kama ni chanya kisha toa kwenye 100. Ukiwa na lahajedwali kwenye simu, weka uongozi kwenye B2, mpira kwenye C2 (0.4 au -0.4), dakika zilizobaki kwenye D2, na uandike:

```
=NORM.S.DIST((B2+C2)/(2*SQRT(D2)),TRUE)
```

Sekunde zigeuze kwanza: dakika 3 na sekunde 30 ni 3.5, si 3.30. Kosa hili halijitangazi, kwani jibu linabaki kuonekana la maana.

Kipeuo cha pili ndicho kiini cha jambo hili. Vikapu vya timu mbili hufutana. Dakika nne hazina kuyumba mara nne ya dakika moja, zina mara mbili tu, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachoingia upande huu hujibiwa upande ule. Ukiacha kwanza kuhesabu nani ana mpira, kuongoza kwa 12 zikiwa zimebaki dakika 32, kuongoza kwa 6 zikiwa zimebaki 8, na kuongoza kwa 3 zikiwa zimebaki 2, vyote ni asilimia 86. Kila muda uliobaki unapopungua hadi robo yake, nusu ya uongozi inatosha kukuweka pale pale. Ndiyo maana ninasikitika ninapoona timu inaanza kukata tamaa ikiwa nyuma kwa 6 robo ya nne ikiwa bado changa.

Mjini na Chake, dakika nne za mwisho

Turudi kwenye mechi. Mjini +5, wana mpira, dakika 4. Uongozi 5 ongeza 0.4 ni 5.4, gawa kwa 4, unapata 1.35. Ni asilimia 91.

Chake wanapora mpira na kufunga wa pointi tatu. Saa inasoma 3:30, Mjini +2, mpira ni wao. Kigawanyo cha 3.5 ni 3.7, na 2.4 kugawa kwa 3.7 ni 0.65. Sasa ni 74. Shambulizi moja limekula asilimia 17.

Mjini wanautoa mpira kwa pasi mbaya sekunde chache tu baadaye. Ubao wa matokeo haujabadilika hata kidogo, +2 ile ile, lakini sasa ni 1.6 kugawa kwa 3.7, yaani 0.43, na uwezekano ni 67. Pasi hiyo imegharimu asilimia 7. Mtazamaji anayeangalia ubao peke yake haoni kitu, ila kocha aliyekuwa na kadi ana sababu ya kuomba taimauti hapo hapo.

Chake wanakosa, timu zinajibizana, na saa inafika 2:00 Mjini wakiwa bado +2 na mpira wao. Uwezekano umepanda hadi 80 bila Mjini kuongeza pengo. Ikifika 1:00 katika hali hiyo hiyo ni 88. Muda wenyewe unamfanyia kazi anayeongoza, na kadi inaonyesha ni kwa kiasi gani.

Mpaka hapa nimechukulia kwamba timu zinalingana. Kama unajua Mjini huwashinda Chake kwa pointi 8 kwa wastani, hiyo ni 0.2 kwa kila dakika. Izidishe kwa dakika zilizobaki na uijumlishe kwenye uongozi. Mwanzo wa mechi inawapa Mjini asilimia 74 kabla ya mpira kurushwa. Zikibaki dakika 4 inaongeza 0.8 tu, na dakika ya mwisho unaweza kuisahau. Kwenye viwanja vya wazi kuna jambo jengine la aina hii: upepo wa kusi ukivuma kuelekea kapu moja, mitupo ya mbali huathirika, na timu hubadilishana upande baada ya mapumziko ya nusu. Uongozi wa nusu ya kwanza unaweza kuwa na mkono wa upepo ndani yake. Sina namba ya kukupa hapo, angalia mwenyewe kama robo mbili za mwisho kwenye kiwanja chako hupindua mambo mara kwa mara.

Nusu dakika ya mwisho: weka kadi mfukoni

Sasa Mjini +2, zimebaki sekunde 20, na mpira ni wa Chake. Kadi ingesema: 1.6 kugawa kwa 1.15, yaani 1.39, asilimia 92 kwa Mjini. Usiiamini.

Inadanganya kwa sababu mbili. Kwanza, ile nusu zamu imekufa. Saa ya mashambulizi ni sekunde 24, zimebaki 20, kwa hiyo Chake wanaweza kushika mpira mpaka mwisho na hakuna zamu nyengine baada ya hiyo. Wana zamu nzima, si nusu. Pili, kadi inadhani pointi zinatiririka kidogo kidogo, ilhali mtupo mmoja huleta 0, 2 au 3, na Chake ndio wanaochagua watafute ipi.

Basi hesabu kwa vidole. Tuseme Chake wanaingiza mitupo ya karibu mara 45 kati ya 100 na ya pointi tatu mara 30 kati ya 100. Wakienda kwa mbili, wakiingiza ni sare na muda wa nyongeza wa dakika 5, ambao tuuhesabu nusu kwa nusu. Nusu ya 45 ni 22.5, kwa hiyo Mjini wanabaki na 77.5. Wakienda kwa tatu, wanashinda mara 30, na Mjini wanabaki na 70. Kadi ilisema 92. Pengo ni la asilimia 14.5 mpaka 22, na hesabu hiyo hiyo inawaambia Chake kwamba mtupo wa pointi tatu ndio bora kwao, iwapo wana mtu wa kuupiga.

Hali ya pili inayokuja mara nyingi ni ya faulo ya makusudi. Mjini +1, sekunde 15, mpira wao. Chake lazima wamfanyie mtu faulo. Kwanza kabisa tazama idadi ya faulo za timu katika robo: nne za mwanzo, zisipokuwa juu ya mtu anayetupa, kwa kawaida hazina mitupo huru, mpira unarushwa kutoka nje tu. Kuanzia ya tano ni mitupo huru miwili. Timu iliyo nyuma ikiwa na faulo mbili tu itapoteza sekunde muhimu kuzitafuta nyengine, na uwezekano wake ni mdogo kuliko ubao unavyoonyesha.

Tuseme zimeshatimia. Mchezaji wa Mjini anayeingiza mitupo huru 60 kati ya 100 yuko mstarini. Ataingiza yote miwili mara 36, mmoja mara 48, na atakosa yote mara 16. Yote miwili ikiingia, Mjini +3, Chake wanahitaji tatu ili kusawazisha tu, na Mjini wana 85. Mmoja ukiingia, +2, tumeshaona ni 70. Yote ikikosa, +1, mtupo wa karibu unatosha kuwaua, Mjini wana 55. Kila tokeo lizidishe kwa mara zake, jumlisha: 30.6, 33.6 na 8.8, jumla 73.

Mbadilishe mpigaji, weka mwenye 80 kati ya 100. Mara zake zinakuwa 64, 32 na 4, na jumla inafika 79. Asilimia 6 zimetoka kwenye uamuzi mmoja: nani apokee mpira ukirushwa kutoka nje. Huo ni uamuzi wa kocha, anaufanya kwenye taimauti, na unakaribia uzito wa ile pasi mbaya iliyotolewa zikiwa zimebaki dakika tatu na nusu.

Mpaka wa kuacha kadi mimi nauweka kwenye sekunde 30. Kati ya 30 na dakika moja kadi bado inasaidia, lakini huwa inampendelea anayeongoza kupita kiasi, kwa hiyo isome kwa kuipunguza kidogo.

Utajuaje kama namba zako ni za kweli

Mechi moja haikuhukumu. Ulisema 80 na timu ikapoteza: hilo hutokea mara 20 kati ya 100, na haina maana ulikosea. Lililo sahihi ni kuweka daftari. Katika kila mechi, robo ya tatu ikiisha, andika uwezekano wa anayeongoza, kisha mwishoni andika alishinda au la. Andika mara moja tu kwa mechi. Ukiandika mara kumi ndani ya mechi moja utadhani una ushahidi mara kumi, kumbe ni mechi ile ile inajirudia.

Msimu ukiisha, zikusanye zote ulizosema kati ya 70 na 80. Tuseme ni 20. Unatarajia washindi 15 hivi. Wakiwa 12 au 18, bado si neno, bahati peke yake hufanya hivyo. Wakiwa 20 kati ya 20, na makundi mengine nayo yanaegemea huko huko, mtikisiko wako ni mkubwa mno: waongozaji wako salama kuliko unavyodhani, jaribu 1.8 badala ya 2. Wakiwa 10, mtikisiko ni mdogo, panda hadi 2.2, kisha ukague tena zile karatasi za robo 60 kama hukuingiza mechi za saa inayokimbia.